Kwa nini simu yenye mtandao kamili husemwa haipatikani: mfano wa Kisesa, Mwanza

Mkazi wa Kisesa, wilayani Magu, anaweza kukaa kutwa nzima na simu mezani, vijiti vya mtandao vikiwa vimejaa juu ya kioo, intaneti ikifanya kazi na chaji ikitosha, kisha jioni akakutana na ndugu anayemlalamikia kwamba amezima simu. Ndugu huyo hasemi uongo. Alipopiga alijibiwa na sauti ya mtambo kwamba mteja hapatikani kwa sasa, ajaribu tena baadaye. Mwenye simu naye hasemi uongo, kwa kuwa simu yake haikuzimwa na wala haikuita. Ugomvi wa namna hii umeingia katika nyumba na biashara nyingi, na mara nyingi chanzo chake ni kudhani kwamba vijiti vya mtandao vinaeleza jambo ambalo kwa kweli havielezi.

Vijiti hivyo hupima kitu kimoja tu, nacho ni nguvu ya mawimbi ambayo simu inayapokea kutoka katika mnara. Ni kama mtu aliye uwanjani anayesikia vizuri kipaza sauti cha mkutano. Kusikia kwake hakuthibitishi kwamba aliye jukwaani anamsikia yeye, wala kwamba jina lake limo katika orodha ya waliohudhuria. Aidha, hakuna kipimo kimoja kinachozilazimu simu zote kuonesha vijiti kwa namna ileile. Kila mtengenezaji hupanga mwenyewe ni nguvu kiasi gani istahili vijiti vinne, na ndiyo maana simu mbili za laini za kampuni moja, zikiwekwa juu ya meza moja, zinaweza kuonesha idadi tofauti.

Ili simu iite, mambo matatu yanatakiwa kutimia kwa pamoja. Mtandao uwe unafahamu simu ilipo, simu iwe inasikiliza wakati mtandao unapoita, na jibu la simu lifike katika mnara. Vijiti havisemi lolote kuhusu jambo la kwanza na la tatu, na kuhusu la pili vinasema nusu tu.

Jinsi mtandao unavyoitafuta simu

Kila kampuni ya simu hutunza sajili ya laini zake zote. Sajili hiyo haioneshi mtu amekaa chini ya mnara upi. Inaonesha eneo pana alimo, ambalo huwa na minara mingi, pengine kadhaa, pengine makumi. Simu iliyotulia haizungumzi na mnara kila wakati. Ingefanya hivyo betri isingemaliza siku. Badala yake husikiliza kimyakimya, na hutoa taarifa katika nyakati chache tu: inapowashwa, inapozimwa kwa utaratibu wa kawaida, inapovuka kutoka eneo moja kwenda jingine, na kila baada ya muda uliopangwa na kampuni husika. Katika teknolojia ya kizazi cha pili, muda huo huhesabiwa kwa vipande vya dakika 6, na kwa kawaida huwekwa kati ya nusu saa na saa kadhaa.

Mtu anapopiga namba ya mkazi wa Kisesa, mtandao husoma kwanza sajili. Ikionesha kwamba simu ipo, minara yote ya eneo hilo hutangaza wito wenye utambulisho wa laini hiyo. Simu ikiusikia, hujibu mnara ulio karibu nayo, hupewa njia ya mazungumzo, kisha huanza kuita. Isipojibu, wito hurudiwa, na baada ya sekunde chache mtandao hukata tamaa. Hapo ndipo mpigaji anaposikia kwamba mteja hapatikani.

Lakini sauti hiyohiyo hutolewa pia pale ambapo sajili yenyewe inasema kwamba simu imezimwa. Katika hali hiyo mtandao hausumbuki kutoa wito wowote. Hali hizi mbili zinafanana masikioni mwa mpigaji, ila zinatofautiana kwa kitu kimoja ambacho kila mwananchi anaweza kukipima bila kifaa chochote, nacho ni urefu wa ukimya kabla ya sauti. Ikiwa sauti inakuja mara tu baada ya kupiga, sajili inaamini kwamba simu haipo. Ikiwa kuna ukimya wa sekunde nyingi ndipo sauti ije, mtandao uliita na simu haikujibu. Njia hii haina uhakika wa asilimia mia moja, hasa simu inapotoka mtandao mwingine au nje ya nchi, kwa kuwa kuunganisha mitandao miwili nako kunachukua muda. Hata hivyo, ukipiga kutoka laini ya kampuni ileile na kulinganisha na namba nyingine inayofahamika kuwa imezimwa, tofauti husikika wazi.

Simu inayoonesha vijiti inawezaje kuhesabiwa kuwa imezimwa? Inatosha taarifa yake ya muda maalumu isifike. Mtandao ukipitisha muda huo na nyongeza kidogo bila kusikia kitu, huandika kwamba simu haipo, bila kuiarifu. Simu yenyewe inaendelea kuusikia mnara na kuonesha vijiti vyake, hadi itakapojaribu tena kujiandikisha au mwenyewe atakapopiga simu. Ndiyo sababu watu wengi hugundua kwamba wakipiga wao kwanza, baada ya hapo wanaanza kupatikana. Kinyume chake kipo pia: simu iliyochomolewa betri ghafla haikupata nafasi ya kuaga, hivyo mtandao huendelea kuiita kwa muda kana kwamba ipo.

Dalili nyingine ya usajili uliopotea ni ujumbe mfupi wa maneno unaofika kwa mkupuo. Mtandao huuhifadhi ujumbe usioweza kufikishwa na kuweka alama katika sajili, ili mara simu itakapojitokeza ujumbe utumwe. Mtu ambaye ujumbe wa saa nne, wa saa tano na wa saa saba unamfikia kwa pamoja saa nane, akiangalia saa ulipotumwa, atakuwa amepata kipindi ambacho mtandao haukuwa unamwona.

Kisesa ni mahali ambapo mambo haya hujitokeza kwa urahisi. Mji huo uko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, pale makazi ya Jiji la Mwanza yanapokutana na vijiji vya Magu, na watu wengi huenda mjini asubuhi na kurudi jioni. Kampuni hupenda kuweka mpaka wa maeneo ya usajili mahali ambapo mji unapungua. Iwapo mpaka wa kampuni fulani unapita karibu na nyumba, simu iliyo ndani inaweza kuhama kutoka mnara wa upande mmoja kwenda wa upande wa pili mara nyingi kwa siku, bila mtu kunyanyuka kitini. Kila inapohama lazima ijiandikishe upya, na katika sekunde hizo za kujiandikisha simu inayoingia haifiki. Vijiti havishuki, kwa kuwa minara yote miwili inasikika vizuri.

Laini mbili katika simu moja

Sababu inayowapata Watanzania wengi zaidi, na inayozungumzwa kidogo kuliko inavyostahili, ni simu ya laini mbili. Watu wengi hushika laini ya pili kwa ajili ya vifurushi nafuu, huduma za fedha au kuwafikia ndugu walio katika mtandao mwingine. Simu nyingi za aina hii, za kitochi na simu janja pia, zina mtambo mmoja tu wa redio ndani yake. Zikitulia, mtambo huo husikiliza wito wa laini ya kwanza, kisha wa laini ya pili, kwa zamu za haraka ambazo mtumiaji hazioni. Mara mtu anapoanza kuzungumza kupitia laini moja, zamu hizo hukoma. Laini nyingine huwa kiziwi hadi mazungumzo yaishe.

Kiziwi huyo hakuaga. Sajili bado inaonesha kwamba yupo, na kioo cha simu nyingi huendelea kuonesha vijiti vya laini zote mbili. Mtandao huita, haujibiwi, na mpigaji huambiwa kwamba mteja hapatikani. Haambiwi kwamba simu inatumika, kwa sababu kampuni ya laini ya pili haina namna ya kujua kwamba mteja wake yuko katika mazungumzo kwenye laini ya kampuni nyingine. Mfanyabiashara anayeongea dakika 40 na msambazaji wake kupitia laini moja amekuwa hapatikani kwa dakika 40 kwenye laini nyingine. Matumizi makubwa ya intaneti kwenye laini moja yanaweza pia kusababisha laini ya pili kukosa baadhi ya wito, ingawa hilo hutegemea ubora wa simu.

Tiba ipo, nayo ni kuielekeza laini moja kwenda nyingine pale tu isipopatikana. Kwenye laini inayokosa simu mtumiaji huandika amri ifuatayo, akiweka namba ya laini yake ya pili mahali pa neno NAMBA, kisha anapiga kama anavyopiga simu ya kawaida:

```
**62*NAMBA#
```

Baada ya hapo, simu iliyokuwa ijibiwe kwamba mteja hapatikani huhamishiwa kwenye laini inayozungumza, na mwenye simu husikia mlio wa simu inayosubiri iwapo huduma hiyo imewashwa. Mipaka yake ni miwili. Kipande cha simu kilichohamishwa hutozwa aliyehamisha, hivyo ni vema kuwa na salio katika laini hiyo, na si kila kampuni imefungua huduma hii kwa kila aina ya laini. Kuna simu zinazofanya kazi hiyo zenyewe kupitia sehemu ya mipangilio ya laini mbili, na wapo watu wachache wenye simu zenye mitambo miwili ya redio ambazo hazina tatizo hili kabisa.

Uelekezaji huohuo huweza kuwa chanzo cha tatizo. Mtu aliyewahi kuelekeza simu zake zote kwenda namba ambayo sasa haitumiki atakuwa na vijiti kamili siku zote, na kila anayempigia ataambiwa hapatikani, kwa kuwa namba inayotafutwa ni ile iliyokufa. Amri `*#21#` huonesha kama simu zote zimeelekezwa mahali, `*#62#` huonesha uelekezaji wa wakati mtu hapatikani, na `##002#` hufuta uelekezaji wote.

Intaneti ya kasi bila sauti

Kundi la pili ni la simu janja zilizofungwa kwenye kizazi cha nne peke yake. Mitandao ya kizazi hicho iliundwa kwanza kwa ajili ya data. Simu ya sauti hupita humo ikiwa tu laini, simu na kampuni vyote vitatu vinakubali huduma inayosomeka kwenye kioo kama `VoLTE`. Pasipo huduma hiyo, mtandao unapoleta simu ya sauti huiagiza simu ishuke kwa muda kwenye kizazi cha tatu au cha pili, ipokee mazungumzo huko, kisha irudi. Simu iliyokatazwa kushuka haiwezi kutii agizo hilo. Nyingine hazijiandikishi kabisa katika upande wa sauti, hivyo sajili huziona kana kwamba hazipo.

Marufuku hiyo kwa kawaida huwekwa na mwenye simu mwenyewe au fundi, kwa nia njema ya kuifanya intaneti iwe ya kasi zaidi. Mtu huandika `*#*#4636#*#*` kwenye simu ya Android, hufungua ukurasa wa taarifa za simu na kuchagua `LTE only`. Intaneti kweli huchangamka, na vijiti hujaa. Simu za kupiga na kupokea ndizo zinazokufa, na kwa kuwa siku hizi mazungumzo mengi hupita kwenye programu za intaneti, mhusika anaweza kukaa wiki nzima kabla ya kutambua. Ukaguzi ni rahisi: katika mipangilio ya mtandao wa simu, aina ya mtandao inayopendekezwa iwe ile yenye vizazi vyote, ambayo simu nyingi huiandika `4G/3G/2G (auto)` au maneno yanayofanana na hayo.

Mnara unaosikika lakini hausikii

Jambo la tatu, la jibu la simu kufika kwenye mnara, lina sura ya pekee katika mwambao wa Ziwa Victoria. Mnara hutuma mawimbi kwa nguvu ya makumi ya wati. Simu ya kizazi cha pili haiwezi kuzidi wati 2, na ya kizazi cha nne haizidi sehemu moja ya tano ya wati. Wahandisi hufidia tofauti hiyo kwa kuweka juu ya mnara antena kubwa na vipokezi vyenye usikivu mkali, lakini nyuma ya majabali ya Mwanza, au ndani ya nyumba yenye kuta nene na paa la bati, fidia hiyo inaweza isitoshe. Simu inausikia mnara. Mnara hauisikii simu.

Juu ya maji kuna kizuizi kingine ambacho hakihusiani na nguvu. Katika kizazi cha pili, simu nyingi hugawana wimbi moja kwa kupokezana vipande vidogo vya muda, na kila simu lazima irushe jibu lake mapema kidogo kulingana na umbali wake ili lifike katika zamu yake. Marekebisho hayo yana ngazi zinazoishia 63, na kila ngazi ni takriban mita 550. Kwa hiyo mnara wa kawaida hauwezi kuhudumia simu iliyo zaidi ya kilomita 35, hata ikiwa inausikia vizuri. Nchi kavu ni nadra kufikia kikomo hicho, kwa kuwa vilima na miti huyamaliza mawimbi mapema. Juu ya Ghuba ya Speke, kaskazini mwa Kisesa, hakuna kilima wala mti. Mvuvi aliye mbali majini anaweza kuwa na vijiti vya kutosha kutoka mnara wa ng'ambo ambao kwa hesabu hii hauwezi kumpokea. Iwapo mnara huo uko katika eneo lilelile alimosajiliwa, simu haioni sababu ya kujiandikisha upya, hivyo kioo hakitoi onyo lolote mpaka atakapojaribu kupiga. Mnara unaweza kupanuliwa ili ufike mbali zaidi, lakini kila mazungumzo ya mbali hula nafasi ya mazungumzo mawili, na ndiyo maana si kila mnara wa mwambaoni umepanuliwa.

Hapa inafaa kutaja vifaa vya kuongeza mtandao vinavyouzwa bila ithibati. Kifaa duni cha aina hiyo hukuza mawimbi yanayoingia, hivyo vijiti hujaa na mnunuzi huridhika. Kwa upande wa kutoka hurusha kelele zinazouziba mnara masikio, na wanaoumia ni majirani wote wa mnara huo. Vifaa vya mawasiliano vinatakiwa kuwa na ithibati ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na sharti hilo lina sababu zake za kiufundi, si za makaratasi pekee.

Msongamano nao huchangia, ingawa si mara nyingi kama watu wanavyodhani. Wimbi moja la kizazi cha pili lina vipande 8 vya muda, na kimoja angalau hutumika kwa uratibu, hivyo hubaki nafasi 7 za mazungumzo, au mara mbili yake sauti ikibanwa. Wakati wa sherehe za Bulabo kule Bujora, kila mwaka mwezi wa Juni, maelfu ya watu wakusanyikapo kushuhudia ngoma za Wasukuma, minara iliyopangwa kwa ajili ya wakazi hujikuta ikihudumia umati. Vijiti haviwezi kuonesha foleni hiyo.

Mfano wa dereva wa jamii

Uzito wa suala hili unaonekana vizuri katika mfumo wa m-mama, unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanapopata dharura. Mfumo huo, ambao ulianzia majaribio katika Sengerema na Shinyanga, hupokea taarifa kupitia namba 115 isiyo na malipo. Mratibu hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo humpigia dereva wa jamii aliyesajiliwa karibu na tukio. Dereva akisemwa hapatikani, mratibu hawezi kusubiri. Anahamia kwa dereva mwingine aliye mbali zaidi.

Tuchukue, kwa ajili ya kueleza hatua za uchunguzi, dereva anayeegesha gari lake Kisesa na ambaye ameambiwa mara tatu katika wiki moja kwamba hapatikani. Simu yake ina laini mbili. Laini ya kwanza ndiyo iliyosajiliwa kwa kazi; ya pili ni ya vifurushi vya intaneti na mazungumzo na wateja wake wa kawaida.

Anaanza kwa kuazima simu yenye laini ya kampuni ileile na kupiga namba yake huku simu yake iko mbele ya macho. Inaita. Hilo halimridhishi, kwa kuwa tatizo linalokuja na kuondoka halipimwi mara moja. Anamwomba mwenzake amfungulie mazungumzo kwenye laini ya pili, kisha anajaribu tena laini ya kazi. Vijiti vya laini zote mbili viko vilevile, lakini sasa kuna ukimya wa sekunde kadhaa, kisha sauti inasema hapatikani. Sababu ya kwanza imepatikana bila fundi. Anaweka uelekezaji wa `**62*` kutoka laini ya kazi kwenda laini ya pili, anarudia jaribio, na safari hii anasikia mlio wa simu inayosubiri katikati ya mazungumzo.

Alfajiri inayofuata, akiwa nyumbani, anajaribu tena, baada ya kuzima uelekezaji huo kwa muda kwa `##62#` ili usifunike dalili. Laini ya pili haitumiki, lakini sauti ya hapatikani inakuja papo hapo bila ukimya. Hii ni habari tofauti: sajili inaamini kwamba simu imezimwa. Anaiweka simu katika hali ya ndege kwa nusu dakika na kuiondoa, jambo linaloilazimisha kujiandikisha upya. Inaita. Baada ya saa mbili, ikiwa mahali palepale kitandani, haiiti tena. Anahamisha laini ya kazi kwenye kitochi na kukilaza mahali hapohapo usiku mzima. Kitochi kinapatikana kila anapojaribu.

Matokeo hayo yanaiondolea laini na mtandao sehemu kubwa ya tuhuma na kuielekeza simu yenyewe. Anapofungua mipangilio anakuta laini ya kwanza imefungwa kwenye kizazi cha nne peke yake, hivyo sauti yake inategemea `VoLTE` pekee. Mchana, barabarani, simu ilikuwa ikipata nafasi ya kujiandikisha kwa namna fulani kila ilipohama. Nyumbani, ikiwa imetulia, usajili wake wa sauti ulikufa. Anarudisha mpangilio wa vizazi vyote, anarejesha uelekezaji, na kurudia majaribio ya alfajiri kwa siku tatu kabla ya kumweleza mratibu kwamba anapatikana.

Kama kitochi nacho kingekataa mahali palepale, lakini kikakubali mita mia chache kutoka nyumbani, lawama ingehamia kwenye mnara au mpaka wa maeneo. Kama kingekubali simu za kampuni ileile na kukataa za kampuni nyingine, tatizo lingekuwa kwenye kiungo kati ya mitandao miwili, ambacho mteja hawezi kukirekebisha kwa kuzima na kuwasha simu. Hayo ndiyo masuala ya kuripotiwa.

Ripoti inayosaidia si ile inayosema mtandao ni mbovu. Mhandisi anahitaji tarehe na saa ya jaribio, mahali mwenye simu alipokuwa kwa jina la mtaa au kitongoji, namba iliyopiga na kampuni yake, urefu wa ukimya kabla ya sauti, na iwapo simu nyingine yenye laini ileile ilipatikana. Kwa taarifa hizo anaweza kufuata kumbukumbu za wito na kuona kama ulitolewa, minara ipi iliutoa na kama jibu lilifika. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni husika, kupitia namba 100 ya huduma kwa wateja inayotumika kwa kampuni zote, na mteja atunze namba ya kumbukumbu anayopewa. Asiporidhika na majibu, hatua inayofuata ni TCRA, ambayo kwa wakazi wa Kisesa na mikoa ya jirani ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.